Kipimo cha Mtu Mmoja

Shemeji yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na kama hujawahi kumwona mpishi wa shule ya bweni akiwa kazini, hujawahi kuona mtu akikoroga chakula kwa mwiko unaomzidi kimo. Alipikia wavulana mia nne. Maharage aliyapima kwa debe, mchele kwa gunia, chumvi kwa bakuli. Wavulana walimwita Mzee Mwiko, na jina likamganda mpaka mtaani, mpaka dada yangu, ambaye ndiye alikuwa mke wake, akawa anamwita hivyo kila akitaka kumchokoza. Lakini nyumbani Mzee Mwiko hakugusa jiko. Akirudi kazini alikuwa hataki hata kusikia harufu ya kitunguu kibichi. Dada ndiye aliyepika, na alipika vizuri, asikwambie mtu.

Halafu dada akafa. Alikuwa anaanua nguo, presha ikampanda, akaanguka pale pale chini ya kamba, na hakuamka tena. Sitasema zaidi ya hapo kwa sababu sipendi kulisema.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, mtaa wa pili kutoka kwao. Niliachika zamani, sina mtoto, na nimekuwa nikipika cha mtu mmoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Nalitaja hili mapema kwa sababu lina kazi hapa, na pia kwa sababu mpaka dada anazikwa hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuniuliza nakula nini. Mwanamke akila peke yake, hayo ni maisha. Mwanamume akibaki peke yake na sufuria, watu wanaitana kikao.

Siku za msiba hakukuwa na shida. Majirani walileta vyakula, wengine wakapika pale pale uani, na shemeji alilazimishwa kula kwa kushikiwa sahani. Watu wakaondoka mmoja mmoja kama kawaida ya watu. Binti yao, ambaye ni mwuguzi katika mji mwingine, naye akarudi kazini. Shemeji alikuwa ameshastaafu. Akabaki na nyumba.

Siku niliyopita kumjulia hali nikamkuta jikoni. Alikuwa ameteremsha lile sufuria la wageni, lile ambalo dada alilitoa kwenye harusi na kwenye misiba tu, na limejaa maharage mpaka juu.

"Shemeji," nikamwambia, "kuna wageni?"

"Hakuna. Nimepika kidogo tu, mke mdogo."

Huo ulikuwa utani wetu wa siku zote, kuniita mke mdogo, na siku zote nilikuwa namjibu kwa neno baya zaidi. Siku hiyo niliuacha upite. Nililitazama lile sufuria nikaona kuwa kweli, kwa akili yake alikuwa amepika kidogo. Mtu aliyezoea debe, ukimwekea mbele kilo mbili za maharage anaona umempa ya kuonja.

Akayala. Akayala kesho yake na kesho kutwa. Sufuria halikuingia kwenye friji, lilikuwa pana kuliko mlango wenyewe, kwa hiyo likakaa jikoni, naye akawa analichemsha asubuhi na jioni. Shuleni chakula hakilali. Wavulana mia nne hawabakishi kitu, wakibakisha ni kwa sababu kimeungua. Katika maisha yake yote ya kupika shemeji hakuwahi kuhifadhi chakula, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuhifadhi nako ni ufundi. Yale maharage yalipoanza kutoa povu aliliengua kwa kijiko, akachemsha, akala. Nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, midomo imempauka, hawezi kusimama, hana hata nguvu za kuona aibu.

Alilazwa, akawekewa maji. Mwuguzi wa zamu alimweleza kwa upole kwamba chakula kikishaharibika, kukichemsha upya hakuondoi sumu yote iliyokwisha kuingia. Shemeji alimsikiliza kwa adabu kama mwanafunzi. Mimi niliyekuwa nimesimama kando ndiye niliyeona haya, maana nilikuwa nimeliona lile sufuria kwa macho yangu na nikaenda zangu kushona.

Binti akaja. Huyu mtoto nampenda, nimemsuka nywele, lakini akiwa na hofu anasema kama bosi. Alimrudisha baba yake nyumbani, akamlaza, kisha akanivuta jikoni na kufunga mlango.

"Mama mdogo, sitaki tuzunguke. Nikija tena nikimkuta hali chakula vizuri, namchukua. Nina chumba. Nyumba hii tutaipangisha."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza. Amesema yeye haondoki hapa mpaka abebwe."

"Basi umejibiwa."

"Wiki hii nusura abebwe kweli," akasema, na macho yakamjaa. "Nimemzika mama juzi juzi. Usiniambie nimwache baba afe kwa maharage."

Nitaling'akia nini neno kama hilo?  Ila neno la kupangisha lilinigusa mimi pia. Ile nyumba ndiyo iliyobaki ya dada yangu. Kanga zake bado ziko kwenye msumari nyuma ya mlango, na ukiingia unaweza bado kudhani yuko chumba cha pili anatafuta kitu. Wakiingia wapangaji, mimi nitakwenda wapi kukaa naye? Kwa hiyo naomba nieleweke. Nilipojitolea kumfundisha shemeji kupika cha mtu mmoja nilifanya kwa ajili yake, na nilifanya kwa ajili yangu vile vile.

Binti alipoondoka nikaenda kwa shemeji nikampa vidonge vyake. Nikamwambia, ama ajifunze, ama afunge mizigo, hakuna la tatu.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Unifundishe mimi kupika?"

"Ndiyo, wewe. Kupikia mia nne si kupikia mmoja."

"Ni hesabu tu. Mtu anagawa."

"Haya, gawa tuone."

Akagawa. Kichwa chake kizuri kwa hesabu, na gunia la mchele alilijua lina bakuli ngapi na kila bakuli lina wavulana wangapi. Akapata konzi mbili za mchele. Akagawa maji, akagawa chumvi, akagawa mafuta. Kisha, sikutia neno, akaviweka vyote kwenye sufuria la wageni lile lile, kwa kuwa ndilo dogo kuliko yote aliyowahi kuyafanyia kazi, akawasha moto mkubwa. Ule mchele ulitapakaa chini kama umemwagika. Maji yakakauka kabla hajatafuta mfuniko. Chini ukaungua, juu ukabaki mbichi, na chumvi yote ikawa imekaa upande mmoja.

Alisimama akiutazama. Mzee Mwiko, ambaye mkuu wa shule alimpa mkono mbele ya wazazi siku ya kumuaga, ameshindwa na konzi mbili za mchele. Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Maji nimeyagawa sawasawa," akasema.

"Maji hayagawiki hivyo. Mvuke hauulizi kama umepika wa mtu mmoja au wa mia. Unatoka kwa upana wa sufuria na kwa muda. Chakula kikiwa kidogo unaongeza maji kidogo juu ya hesabu yako, unatafuta sufuria dogo lenye mfuniko wa kubana, na moto unaushusha." Nikamweleza kwa lugha ya kazi yangu. Ukitoa sare ya mtoto kwenye kipimo cha mtu mzima unapunguza urefu na upana, lakini kifungo hukipunguzi, na shati la mtoto lina mikono miwili ile ile. Muda wa kuiva nao haugawiki. Punje ya mchele haijui kama ina wenzake wengi au wachache.

Hapo nikaona kitu kimeingia. Mtu wa kazi ukimweleza kwa njia ya kazi anaelewa. Akachukua sufuria dogo, lile dada alilokuwa akichemshia maziwa, akaanza upya. Wali ukatoka mzuri. Nikapakua vijiko viwili nikaonja, nikamwambia akae ale.

Hakukaa. Akasimama kando ya jiko, mikono nyuma.

"Kaa basi."

"Nyinyi kuleni kwanza."

"Nyinyi nani, shemeji?"

Akatazama huku na huku. Nadhani hata yeye hakujijua. Mpishi wa shule hali mpaka mvulana wa mwisho apate, na nyumbani hakuwahi kula mpaka dada akae. Nikavuta kiti nikakaa mimi, ndipo naye akakaa. Siku zilizofuata nikajifunza kuja wakati wa chakula, si kwa ajili ya kula, ila kwa ajili ya kukaa.

Tukaendelea hivyo. Mimi si mwalimu mpole, naijua hali yangu. Nilimng'akia alipokata kabichi zima, nikamwonyesha kukata robo tu na kulifunga lililobaki bila kuliosha, maana likishaoshwa linaoza upesi. Robo ya leo unaikaanga na kitunguu, ya kesho unaitia kwenye supu na viazi, ile nyingine unaikatakata mbichi na ndimu, na hapo hujala kabichi moja, umekula vitu vitatu. Nyama nilimwambia aikate ikiwa mbichi, vipande vya mlo mmoja mmoja, kila fungu kwenye mfuko wake, ndipo iingie kwenye barafu, ili asiyeyushe kilo nzima kwa ajili ya vipande vitatu kisha airudishe. Chumvi na pilipili aanze na pungufu ya hesabu, aonje, aongeze. Chapati za maji alizozipenda zilitaka yai moja kwa unga wa watu wawili, akaniuliza kwa dharau kama yai nalo linagawika. Nikamwambia linagawika, unalipiga kwenye kikombe unatia nusu, nusu nyingine unakaanga na nyanya kesho asubuhi. Hilo lilimfurahisha. Ni mara ya kwanza tangu msiba nilipoona meno yake.

Kwenye maharage ndiko tulikopigana. Baada ya yale yaliyompata hakutaka hata kuyaona, nami nikasema maharage ndiyo rafiki wa mtu mmoja akiyajua. Kikombe kimoja kinakula moto sawa na kilo, kwa hiyo ni upumbavu kuchemsha kidogo kidogo. Unaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unachemsha ya kutosha mara kadhaa, matupu, bila kitunguu, bila nyanya, bila kitu. Yakiiva unayapoza upesi kwenye chombo kipana, unayagawa kwenye vikopo vidogo, cha kesho unakiweka chini kwenye friji, vingine vyote juu kwenye barafu. Siku ukitaka unatoa kimoja. Leo unakiunga kwa nyanya, siku nyingine unakiponda kinakuwa supu, siku nyingine unakichanganya na wali. Lakini ukiunga sufuria zima siku ya kwanza, umejifunga. Wiki nzima utakula kitu kile kile.

"Matupu," akasema. "Mtu anachemsha maharage matupu kama ya mifugo."

"Ladha unaitia siku ya kula. Si mapema."

Alinung'unika lakini akafanya. Vikopo vikajipanga kwenye barafu, vidogo, safi. Niliwaza, binti akija atafungua mlango wa friji, ataona, na neno la kupangisha litakufa.

Lakini palikuwa na kitu kilichonishinda. Siku moja nilimwuliza swali la kawaida kabisa, "Leo unataka kula nini?" akakaa kimya. Nikadhani hakusikia. Nikauliza tena.

"Dada yako alikuwa anapenda samaki siku kama ya leo," akasema.

"Sikuuliza dada. Nimeuliza wewe."

"Kuna viazi."

"Najua kuna viazi, nimevinunua mimi. Unataka nini?"

Akageuza kichwa dirishani. Shuleni ratiba ilibandikwa ukutani, hakuna aliyeulizwa, wala mpishi hakuulizwa. Nyumbani dada alipika anachojua yeye kinafaa. Huyu mtu alikuwa amelisha maelfu ya watoto na hakuna siku aliyoulizwa anataka nini. Mimi najiuliza swali hilo kila siku ya Mungu nikiwa na sindano mdomoni, na mara nyingi jibu ni chai na mkate, lakini angalau najibiwa. Roho iliniuma. Nikaketi, nikasubiri, na kusubiri si tabia yangu.

"Yai," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "La kukaanga. Lenye kingo za kuungua kidogo. Dada yako alikuwa hapendi harufu yake."

Tukakaanga yai, lenye kingo za kuungua. Akalila lote, akafuta sahani kwa mkate, na machozi yalikuwa yanamtoka wakati anatafuna, wala hakujishughulisha kuyafuta. Nami nilijitia naangalia moto.

Baada ya siku hiyo nilidhani tumevuka. Nikapunguza kwenda, maana shule zilikuwa zinafunguliwa na mashati yalikuwa yamenifika shingoni. Nikipita dirishani nasikia sufuria, nasikia kitunguu kinakaangika vizuri, nasema moyoni, kazi imeisha. Binti akinipigia simu namwambia baba yako sasa ni bingwa.

Nilipopata nafasi nikaingia bila kubisha, kama ninavyoingia siku zote. Alikuwa uani. Nikafungua friji kuangalia, na huo ni umbea, nakubali. Palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nikafunua. Wali, samaki kipande, mchicha, vimepangwa vizuri, samaki upande wa kulia, mgongo umetolewa. Dada alikuwa anaogopa miiba. Chini yake sahani nyingine, ya viazi na nyama. Hata ile ya viazi ilikuwa imepangwa, si makombo.

Nilitambua hapo hapo. Hesabu yake ilikuwa safi, sufuria lilikuwa dogo, maji sawasawa. Ila alikuwa anapika kipimo cha wawili. Anapakua cha dada, anakiweka mezani, anakula chake, kisha cha dada anakifunika anakitia kwenye friji. Kesho yake anakula cha dada cha jana na kupika kingine. Kwa hiyo kila siku alikuwa anakula kiporo, kila kitu anakila mara mbili, na vile vikopo vya maharage nilivyojivunia vilikuwa vimekaa juu vile vile, havijaguswa. Na alikuwa amekonda. Nilipomtazama akiingia kutoka uani niliona shati limekuwa kubwa shingoni, mimi fundi nisiyedanganywa na shingo ya shati. Chake hakukila chote, nadhani, alikuwa anakula kwa macho akitazama sahani ya pili.

"Hii nini?" nikamwuliza.

"Cha jana."

"Cha nani?"



Hapa ndipo niliposema. Ningeweza kusema polepole. Ningeweza kuweka chai, nikakaa, nikazunguka. Lakini niliona mizigo yake ikipakiwa, niliona kanga zikitolewa msumarini, nikapandwa na hasira.

"Shemeji, dada hali tena. Amekufa. Samaki utamtoa miiba mpaka lini? Unajikondesha kwa kumlisha maiti, na binti yako akija akiona sahani hizi hatasema huli, atasema umerukwa na akili, na atakubeba siku hiyo hiyo. Unataka hivyo?"

Alisimama pale mlangoni na bakuli la mchicha mkononi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ikikaa sahani moja tu mezani," akasema, "siwezi kumeza."

"Utaweza. Mimi naweza."

"Wewe umeachwa. Mimi sikuachwa."

Lilinichoma neno hilo, na alijua linanichoma. Nikachukua sahani zote mbili nikazimwaga kwenye ndoo ya taka mbele yake, nikaosha, nikazirudisha kabatini, nikaondoka. Tangu tufahamiane hatukuwahi kunyimana salamu, lakini baada ya hapo nikawa napita kwa barabara ya juu. Naye hakuja. Niliposhona usiku na mchana nilikuwa namsikia akisema umeachwa, umeachwa, kila cherehani inapopiga.

Binti alikuja bila kutoa taarifa. Alipitia kwangu kwanza, begi begani, akasema, "Twende wote mama mdogo, sitaki ajitayarishe."  Sikujua tutakuta nini. Kama alikuwa anapika cha wawili bado, tumekwisha, na kama alikuwa hapiki kabisa, ndiyo zaidi.

Tulimkuta jikoni, mchana, anaepua sufuria. Alifurahi kumwona mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama zamani. Mimi alinipa mkono. Mkono tu, lakini nikaupokea.

Binti hakuficha alichokuja kufanya. Akafungua friji. Vikopo vilikuwa vimepungua, vimebaki viwili. Robo ya kabichi imefungwa. Nyama kwenye mifuko yake. Hakuna sahani iliyofunikwa. Akafungua kabati. Akamshika baba yake mkono akaupima kwa vidole kama wauguzi wanavyofanya, nikaona uso wake unalegea, maana mkono ulikuwa umeanza kurudi unene wake.

"Ulikula nini juzi?" akamwuliza.

"Supu ya maharage."

"Jana?"

"Viazi na kabichi. Na yai."

"Na leo?"

"Wali na dengu."

Kisha akafunua sufuria, lile la maziwa. Ndani mlikuwa na wali wa sahani moja. Si sahani moja na kidogo. Umeiva vizuri, punje zimesimama, hakuna kilichoganda chini, na pembeni kibakuli cha dengu cha mtu mmoja. Hata mimi, kama fundi, nilikiri moyoni kuwa kipimo kile hakina kosa.

Binti akabaki ameshika mfuniko. Katika nyumba ile hakuna siku mtu alifika mchana akakosa sahani. Dada alikuwa anapika cha kuzidi kwa makusudi, akisema mgeni hatoi taarifa. Yeye mwenyewe mtoto huyu alikuwa akirudi shule na wenzake watatu wanne na wote wanashiba. Alilitazama lile sufuria muda mrefu.

"Baba, hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Chako tu?"

"Ulitaka nijue kupika cha mtu mmoja," akasema, taratibu, bila ubaya wowote. "Nimejua. Mwanzoni nilikuwa nampakulia mama yako. Mama mdogo akaniambia niache. Nimeacha."

Akapakua. Akaweka sahani moja mezani, akaweka vijiko vitatu, tukala watu watatu chakula cha mtu mmoja, na kila mtu alikuwa anajizuia ili mwenzake apate. Binti alitaka kuongeza mchele jikoni, baba yake akamwambia asiongeze. Hakuna aliyeshiba na hakuna aliyesema. Neno la chumba halikutajwa, neno la kupangisha halikutajwa. Kwenye kituo, wakati namsindikiza, binti alinikumbatia akasema, "Atabaki. Ahsante mama mdogo. Bila wewe nisingekuwa na la kufanya."

Nikarudi kwangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nyumba ipo, kanga ziko kwenye msumari wake, shemeji anakula na mkono unarudi. Nilikaa kwenye cherehani nikatia uzi, na hapo ndipo kilio kikanijia, kilio ambacho hata makaburini hakikunitoka. Maana mpaka juzi dada yangu alikuwa na mtu mmoja duniani anayemtoa samaki miiba, anayemfunikia sahani, anayemngoja ale. Sasa hana. Na aliyesema aachwe ni mimi.